Namba yako ipo kwenye simu ya mwenye nyumba wako

Makamanda, leo siandiki kuhusu Katiba. Naandika kuhusu kitufe kimoja kilichonifichua.

Nilikuwa na akaunti ya pili kwenye mtandao mmoja wa kijamii. Sitautaja, maana karibu yote inafanya kazi hivi hivi. Haikuwa na jina langu wala picha yangu. Ilikuwa na picha ya mbuyu na jina "Binti wa Nyikani", na huko ndiko nilikoandika yale ambayo mwanafunzi wa sheria anayetegemea kuajiriwa kesho haandiki kwa jina lake. Chuoni hakuna aliyeijua.

Nimepanga chumba Ng'hong'hona, jirani na UDOM. Jioni moja namsalimia mama mwenye nyumba, "Shikamoo mama," anaitikia "Marahaba mwanangu," halafu anageuza simu yake mpya kuniangalizia. "Hivi huyu Binti wa Nyikani ni wewe? Simu inaniambia huenda namfahamu." Nikabaki kimya. Akaongeza taratibu: "Mie sina neno na wewe. Ila kwenye nyumba yangu sitaki maneno."

Hakuna aliyenichongea. Nilijichongea mwenyewe, kwa kusajili ile akaunti kwa namba ileile ninayomlipia mama kodi.

Ilikuwaje? Mjukuu wake ndiye aliyemfungulia akaunti. Programu ikauliza kama iruhusiwe kuona majina yaliyomo kwenye simu ili imtafutie marafiki, naye akabonyeza "Allow" kama tunavyobonyeza wote. Hapo namba zote alizosevu mama zikapandishwa kwenye kompyuta za kampuni: fundi bomba, kwaya, ndugu wa Kondoa, na mimi, niliyeseviwa "Mpangaji Chumba 3". Kompyuta haijali umeandika namba kwa kuanza na sifuri au na +255, inaziweka zote katika muundo mmoja kisha inazilinganisha na namba zilizosajili akaunti. Yangu ikagonga. Kwa kompyuta, mama na Binti wa Nyikani wanafahamiana, kwa hiyo ikamletea pendekezo. Haikuhitaji kujua jina langu. Mama alipokumbuka mpangaji wake mmoja anayeongea kama zile posti, kazi ikaisha.

Angalia hapo jambo moja. Mimi kwenye simu yangu sijawahi kuruhusu programu ile isome namba zangu. Haikunisaidia kitu. Ukizima kwako unawalinda watu uliowasevu wewe. Wewe unabaki mikononi mwa kila mtu aliyekusevu: wakala wa pesa, bodaboda, mtu uliyeachana naye mwaka juzi.

Na namba hizo zinakaa. Juni 2013 Facebook ilikiri kwamba hitilafu ilifichua namba za simu na barua pepe za watumiaji wapatao milioni 6. Mtu akipakua taarifa zake mwenyewe, alikuwa anaweza kukuta humo namba za watu wengine ambazo wao hawakumpa. Zilitoka kwenye majina yaliyopakiwa na watu kutoka kwenye simu zao.

Sasa tufanye nini? Nachukua Facebook kama mfano kwa kuwa wengi wetu tuko huko.

Kwanza, funga mlango wako. Kwenye Settings ya programu, andika "Upload contacts" kwenye kisanduku cha kutafutia, zima, na ufute majina yaliyokwisha kupakiwa. Fanya hivyo kwenye kila simu uliyowahi kuingilia. Kisha nenda kwenye mipangilio ya simu yenyewe, fungua Apps, chagua programu hiyo, ingia Permissions, halafu Contacts, weka "Don't allow".

Pili, punguza wanaoweza kukupata kwa namba. Tafuta "How people find and contact you". Kuna swali la nani anaweza kukutafuta kwa namba uliyoitoa. Weka "Only me". TikTok nayo ina sehemu inaitwa "Suggest your account to others", zima "Contacts" hapo.

Tatu, na hii wengi hawaijui, itoe namba yako kwenye orodha za wengine. Mwaka 2022 Meta iliweka ukurasa huu bila kuutangaza sana:

```
https://www.facebook.com/contacts/removal
```

Unachagua kwamba unatafuta namba ya simu, unaweka nchi na namba, unachagua itafutwe wapi: Facebook na Messenger, au Instagram. Chagua zote. Unatumiwa SMS yenye kodi, unaiingiza, na ukurasa unakuambia kama namba yako imo. Ikiwa imo, unathibitisha ifutwe na izuiwe isipakiwe tena. Ili kuizuia wanabaki na nakala yake, hilo wanalisema wenyewe. Hata asiye na akaunti anaweza kuutumia, kwa hiyo mfanyie na bibi yako.

Lakini usilale usingizi. Ukurasa huo haugusi namba uliyosajilia akaunti yako mwenyewe, na mapendekezo yanatoka pia kwenye marafiki mnaoshirikiana na magrupu mliyomo. Akaunti inayotakiwa kuwa siri isisajiliwe kwa laini ambayo watu wanayo. Na usiibadilishie namba tu ukadhani umepona, kwa kuwa mama alishaiona.

Sasa upande wa sheria, na hapa ndipo penye hoja yangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo hapa hapa Dodoma. Inakupa haki ya kujua taarifa zako zinachakatwaje, kuzuia uchakataji unaoweza kukudhuru, na kuomba zirekebishwe au zifutwe. Nasema hivi: mjukuu wa mama aliridhia kwa niaba ya nani? Ridhaa ya aliyenisevu siyo ridhaa yangu. Hilo ndilo swali la kupeleka mbele ya Tume.

Lakini kabla hatujaenda huko tujitazame wenyewe. Sheria hiyo hiyo inaweka itikadi ya kisiasa ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Sasa sisi kwenye vikao vya kata tunapitisha daftari la mahudhurio, jina na namba, halafu katibu anakaa usiku anasevu: "Rehema Chama Nkuhungu", "Juma Chama Kizota". Simu hiyo hiyo ina programu tano zenye ruhusa ya kusoma majina. Jina linapakiwa jinsi lilivyoseviwa. Yaani tumewapa kampuni ya mbali orodha ya wanachama, na itikadi yao imeandikwa pembeni. Humo yumo mwalimu wa Bahi na nesi wa Mpwapwa, ambao wametuomba mara ngapi wasitajwe.

Nimependekeza kwenye tawi letu mambo mawili. Namba za wanachama zikae kwenye simu isiyo na mtandao wowote wa kijamii, na ziseviwe kwa jina la kawaida bila neno "Chama". Katibu mmoja alicheka, akasema nimezidi woga. Nikamwambia afungue simu yake aangalie anapendekezewa nani. Wa tatu kwenye orodha alikuwa mama mwenye nyumba wangu.