Mtawa Mwenye Taa Hajasema Umekataliwa

Jirani yangu wa hapa Kinoo alinijia Jumapili jioni na picha ya karata tano kwenye simu. Aliachana na mpenzi wake Februari, na tangu hapo kijana huyo amejitenga, hapigi wala haandiki. Katika nafasi ya pili, ile ya mwenzake, alikuwa ametoka Mtawa, karata kuu ya 9 katika taroti. Watu watatu walikuwa wameshamfasiria, na alikuwa halali usingizi. Maneno yao nayajibu hapa, kwa sababu yamemuumiza.

La kwanza ni la msomaji aliyemlipa: "Mtawa hapo maana yake amekukataa." Hebu tuitazame picha yenyewe, ile aliyoichora Pamela Colman Smith, ambayo yeye na Arthur Waite waliitoa mwaka 1909. Mzee amesimama juu ya theluji, fimbo mkono mmoja, taa mkono wa pili, na ndani ya taa mna nyota yenye ncha sita. Ameinamisha uso. Hakuna mtu aliyempa mgongo. Ulinganishe na Nane ya Vikombe, ambapo mtu anaondoka usiku akiviacha nyuma vikombe vinane vilivyopangwa. Huyo ndiye anayeacha kitu fulani, kwa makusudi. Mtawa amewaacha wote.

Tofauti hiyo inapimika mtaani, bila karata. Nilimuuliza jirani: huyu kijana anaonekana wapi? Akasema haendi tena mpira wa Jumamosi, kwaya ameiacha, na mama yake humpigia mara tatu ndipo apokee. Basi amejitenga na kila mtu, jirani yangu akiwa mmoja wao. Angekuwa anacheka na wenzake kwenye nyama choma kila Ijumaa huku ujumbe wa mtu mmoja tu ndio haujibiwi, ningemwambia kwamba huo si utawa, ni mlango uliofungwa kwa ajili yake. Hata kama karata ni ileile.

La pili lilitoka kwa rafiki mwenye nia njema: "Ameshika taa, kwa hiyo anakutafuta. Atarudi." Hili ndilo ninaloliogopa zaidi, maana linamweka mtu dirishani miezi. Katika karata za kale za Italia, za karne ya 15, mzee huyu hakushika taa. Alishika shisha ya mchanga, ile ya kupimia saa, naye alikuwa sura ya Wakati. Taa ilikuja baadaye. Nikiisoma karata hii huirudisha ile shisha mkononi mwake, kwa kuwa inaniambia kuna muda unaopita, bila kuniambia nini kitafuata ukiisha. Watu wa pwani wanalijua jambo hili kupitia eda. Mjane Mwislamu hukaa miezi minne na siku kumi. Hakuna anayesema kwamba kwa kukaa huko amewakataa wanaume, na hakuna anayedai kwamba siku ya mwisho lazima amkubali fulani. Taa ya Mtawa inamulika pale anapokanyaga yeye.

La tatu ni la binamu yake: "Usimwandikie kabisa, Mtawa hasumbuliwi." Karata haina amri hiyo. Ushauri katika mpangilio ule ulikuwa nafasi ya tano, na pale palikuwa na Nne ya Panga, sanamu ya askari aliyelala juu ya kaburi, mikono imekutanishwa kama anayeomba. Ni pumziko, tena lilikuwa la jirani yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza. Nafasi yake mwenyewe, ya kwanza, ilikuwa Tano ya Vikombe: mtu mwenye joho jeusi anavililia vikombe vitatu vilivyomwagika, na viwili vimesimama nyuma yake hajavitazama. Tulikaa sana na hivyo viwili. Alinitajia dada yake, na kozi ya ushonaji aliyoiacha mwezi wa Machi.

Moyo wa kijana yule sikuusoma, kwa kuwa haumo mezani. Karata ilinipa swali la kumuuliza jirani, na majibu yalitoka kwake. Jambo moja nililitenga kabisa na taroti: akisikia kwamba kijana hali, haendi kazini, au anazungumzia kufa, asingoje mpangilio mwingine, ampigie mama wa kijana usiku huohuo.

Kuhusu kuandika, tulikubaliana ujumbe mmoja usio na swali ndani yake, ili ukimya usigeuke jibu. Aliandika: "Sina haraka na jibu. Vitabu vyako viko kwangu, nitampa dada yako Jumamosi. Ukitaka kuongea, namba ni ileile." Akautuma, akaizima simu, akaniomba nimsaidie kuishusha cherehani kutoka juu ya kabati.