Kopo la mwisho kuingia, la kwanza kuuzwa

Juma hili naomba tuache kidogo mambo ya daftari za watoto, tuzungumze daftari la depo. Wengi mmekwisha kusikia habari ya makopo 20 ya maziwa ya unga ambayo kikundi chetu kilitupa mwezi wa saba. Katika mkutano, mama anayetunza depo aliambiwa maneno makali: kwamba amelala, kwamba hajali mali ya wenzake. Mwenyewe alisema neno moja tu: "Mimi nilifuata vile mlinifundisha."

Nililichukua daftari lake nikakaa nalo nyumbani jioni mbili. Wamama, alisema kweli.

Sisi tulimfundisha kanuni inayoitwa FIFO, maana yake kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Mzigo mpya unawekwa nyuma, wa zamani unabaki mbele, na mnunuzi anapewa wa mbele. Ni kanuni nzuri, na wengi tunaifuata hata kwenye gunia la mihogo bila kujua ina jina. Lakini angalieni ilichotufanyia.

Tarehe 20 ya mwezi wa nne, depo ilikuwa na makopo 24 ya maziwa, ambayo mwisho wake ni mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo tukaleta mengine 36, tuliyopata kwa bei ya chini kwa mfanyabiashara wa jumla. Furaha ilikuwa kubwa, hakuna aliyegeuza kopo kusoma chini. Mwisho wake ulikuwa tarehe 30 ya mwezi wa sita. Kikundi huuza makopo 4 kwa juma. Mama yetu akauza kwanza yale 24 ya zamani, ikachukua majuma sita, mpaka tarehe 1 ya mwezi wa sita. Ndipo akafungua yale ya bei ya chini. Yalibaki majuma manne tu kabla ya tarehe kufika, kwa hiyo aliuza 16. Katika 36, toa 16: ndiyo yale 20 tuliyoyatupa.

Sasa tufanye hesabu ileile kwa kanuni ya pili, inayoitwa FEFO: kitakachotangulia kufikia mwisho wake kitangulie kutoka. Makopo 36 yaliyoingia mwisho yangeanza kuuzwa siku ileile ya tarehe 20. Kwa 4 kila juma, yangekwisha kwa majuma tisa, yaani tarehe 22 ya mwezi wa sita, siku nane kabla ya mwisho wake. Halafu yale 24 yangefuata na kwisha mwanzoni mwa mwezi wa nane, yakiwa bado na miezi mitatu mbele. Hakuna kopo hata moja lingepotea. Wanunuzi walewale, bei ileile. Kinachobadilika ni mpangilio wa rafu tu.

Mtauliza: inawezekanaje kitu kiingie mwisho lakini kiwe na umri mkubwa? Huku kwetu Kolwezi ni jambo la kila siku. Bidhaa nyingi zinapitia Kasumbalesa, na kule malori yanaweza kupanga mstari siku nyingi. Kisha mzigo unalala katika depo ya Lubumbashi, unahamia nyingine, ndipo unapanda mpaka huku Manika au Dilala. Kila anayeshika mzigo anautoa anapotaka. Na mwenye bidhaa ambayo mwisho wake umekaribia ndiye anayeshusha bei. Basi bei ikishuka kwa ghafula, mama, geuza kopo kwanza.

Kusoma tarehe nako kuna mtego. Karibu na mwisho mara nyingi zimeandikwa herufi EXP. Penye MFG au PRD ni siku ya kutengenezwa, msizichanganye. Ikiwa imeandikwa 05/08, angalia kama kuna tarehe nyingine kwenye kopo lile yenye namba inayozidi 12. Hiyo haiwezi kuwa mwezi, nawe utajua kiwanda kinaanza na siku au na mwezi.

Lakini FEFO haiponyi kila kitu. Kutoka tarehe 20 ya mwezi wa nne hadi mwisho wa mwezi wa sita kuna majuma kumi. Kwa makopo 4 kila juma, tunaweza kuuza 40. Kama tungenunua 60, makopo 20 yangebaki hata kwa mpangilio mzuri namna gani. Kwa hiyo hesabu hii inafanywa sokoni, kabla ya kutoa franka: majuma yaliyobaki mara makopo ya juma moja, halafu unaondoa yale yaliyo nyumbani ambayo yatakwisha muda mapema zaidi.

Je, FIFO tuitupe? Hapana. Sabuni ya mche, viberiti, beseni, sufuria, vitenge: ukitafuta tarehe ya mwisho juu yake, mara nyingi hutaiona. Hapo siku ya kuingia ndiyo kipimo pekee tulicho nacho cha umri. Na vitu hivi vinazeeka pia, polepole. Mche wa sabuni unakauka na kupungua uzito, kitenge kinapauka kwenye mkunjo, kiberiti kinanyonya unyevu mvua inapoanza. Ukiuza cha zamani kwanza, hakuna kinachosahauliwa chini kabisa. Simenti ya wale wanaojenga iko katikati: haiozi kama maziwa, lakini baada ya miezi mitatu hivi nguvu yake inapungua, hasa penye unyevu. Ifuateni siku iliyotengenezwa kama imeandikwa kwenye mfuko, si siku ilipofika.

Kinachosumbua zaidi ni chakula kisichoandikwa kitu: unga tunaosaga wenyewe, karanga, samaki mkavu. Unga uliosagwa pamoja na kiini cha punje una mafuta ndani yake, na mafuta hayo yanageuka uchungu baada ya muda. Hapo mwandike ninyi wenyewe siku ya kusaga kwenye mfuko. Na hata siku hiyo si ya kuaminiwa peke yake. Mfuko ulionyeshewa njiani utaharibika kabla ya wenzake, hata kama umesagwa jana. Uanikwe na kutumiwa kwanza. Ukiwa na ukungu, usiuzwe wala kuliwa.

Waganga wanafanya hivyo kwenye chanjo. Siku mkipeleka watoto, ombeni muuguzi awaonyeshe alama ndogo kwenye chupa: mraba ndani ya duara. Joto likiigusa, mraba unazidi kuwa mweusi. Ukilingana na duara kwa rangi, au ukiizidi, chupa inatupwa. Kabla ya hapo, chupa ambayo mraba wake umeanza kukolea ndiyo inatumiwa kwanza, hata kama tarehe yake iko mbali kuliko ya nyingine. Joto limeshakula siku zake.

Katika depo yetu sasa kuna rafu mbili. Kwenye rafu ya vyakula, kila katoni ina mwezi wa mwisho ulioandikwa kwa kalamu nene upande wa mbele, na katoni za mwezi wa karibu ziko mkono wa kushoto, mahali mama anapoanza kuchukua. Kwenye rafu ya sabuni na beseni kumeandikwa siku ya kuingia. Daftari nalo limeongezewa mstari mmoja wa tarehe ya mwisho.

Hasara ya makopo 20 mkutano umekubali ilipwe na sanduku la kikundi, si na fungu la mama mtunza depo. Jumatatu amerudi kazini, na kalamu nene ni yeye aliyeinunua.