Usiitupe Barua ya Hisa Zako

Makomredi wengi siku hizi wana hisa kidogo katika Soko la Hisa la Nairobi, zilizonunuliwa kwa masalio ya mkopo wa masomo. Kanuni yao ni moja tu: bei ikipanda tunafurahi, ikishuka tunalia. Mimi nasema bei peke yake inaweza kukudanganya, hasa pale kampuni inapobadilisha idadi ya hisa zake.

Chukua Kenya Airways mwaka 2012. Ilihitaji pesa, ikawaambia wenye hisa: kila mwenye hisa 5 ana haki ya kununua nyingine 16 kwa shilingi 14 kila moja. Tuseme sokoni hisa moja ilikuwa shilingi 20 (bei hii nimeichagua ili hesabu iwe rahisi). Hisa zako 5 zina thamani ya shilingi 100. Ukiongeza 16 kwa shilingi 14, umetoa 224. Sasa una hisa 21 zenye thamani ya 324, yaani kama shilingi 15.43 kila moja.

Kwa hiyo siku hisa zinapoanza kuuzwa bila ile haki, bei inashuka kutoka 20 kuelekea 15.43, na kwenye makundi ya WhatsApp watu wanapiga kelele kwamba kampuni imeanguka. Wapi! Ni mkate uleule, umeongezwa unga na kukatwa vipande vingi zaidi.

Lakini kuna mtu anayeumia kweli, naye ni yule aliyeitupa barua. Hisa zake 5 zimebaki na thamani ya shilingi 77 hivi. Zile 23 nyingine zimo ndani ya haki zake 16, kila moja ikiwa na thamani ya kama shilingi 1.43, yaani 15.43 kutoa 14. Kama huna pesa za kununua hisa mpya, unaweza kumwambia dalali aziuze haki hizo sokoni kabla muda wake haujaisha. Ukinyamaza, zinakufa mkononi mwako.

Wafanyabiashara wa hisa wanaijua hesabu hii, ila wana swali la pili: pesa zinakwenda wapi? Wakinusa kwamba ni za kuziba deni, wanauza. Bei ya soko ikikaribia 14, haki inabaki na thamani ndogo sana, na ikishuka chini ya hapo haina thamani kabisa. Nani atalipa 14 kwa kitu kinachouzwa 13 dukani? Toleo lile la Kenya Airways lilichukuliwa kwa takriban asilimia 70 tu. Kampuni ilitafuta shilingi bilioni 20.7, ikapata kama bilioni 14.5.

Sasa geuza shilingi upande wa pili. Mwaka 2021 Nation Media Group ilijitolea kununua hadi asilimia 10 ya hisa zake yenyewe kwa shilingi 25 kila moja, juu ya bei ya soko ya wakati ule. Hapa vipande vinapungua. Kampuni yenye faida ya shilingi 900 na hisa 100 inapata 9 kwa kila hisa. Zikibaki hisa 90, inakuwa 10, hata kama haijauza gazeti moja zaidi. Ndiyo maana wachuuzi wa soko hushangilia haraka.

Mimi sishangilii haraka hivyo. Tuseme hisa 100 zina thamani ya kweli ya shilingi 18 kila moja, jumla 1,800. Kampuni inanunua 10 kwa 25, inatoa 250. Zinabaki 1,550 kwa hisa 90, yaani 17.22 kila moja. Aliyeuza amepata 7 zaidi kwa kila hisa, na aliyebaki ndiye aliyemlipa. Lakini thamani ya kweli ikiwa 30, hesabu inageuka: zinabaki 2,750 kwa hisa 90, kama 30.56, na aliyebaki ndiye aliyefaidi. Kwa hiyo kampuni inayonunua hisa zake inadai kwamba zina thamani kuliko bei inayolipa. Dai hilo ni la kupimwa.

Basi, komredi, barua ikija usikimbilie kutazama bei. Soma bei inayotolewa, linganisha na ya soko, uliza pesa zinatoka au zinaenda wapi, kisha tazama tarehe ya mwisho. Ukiwa huna hela, mpigie dalali uuze haki zako kabla ya tarehe hiyo. Ndugu wanaosema “mimi nitasubiri tu nione” ndio haki zao zinazokufa bila wao kujua.