Mmetuchezesha Pamoja, Salio Mmelifungia

Mpwa wangu aliuza konsoli yake akanunua ya kampuni nyingine, kwa sababu ndiyo waliyonayo wenzake wengi. Alipofungua gemu lile lile kwa akaunti ile ile, ngazi aliyofikia ilikuwepo, marafiki walikuwepo, hata skini zake zote zilikuwepo. Salio ndilo halikuwepo. Akawaandikia wenye gemu, wakamjibu kwa adabu kwamba salio alilonunulia kwenye mashine ya zamani litaendelea kutumika kwenye mashine ya zamani. Mashine hiyo sasa iko sebuleni kwa mtu mwingine.

Jibu kama hilo huvikwa joho la ufundi, kana kwamba waya fulani haufiki. Si kweli. Kinachozuia salio kuhama ni mkataba, na mkataba huo umewahi kuonekana mahakamani.

Tuanze na namna mambo yanavyokwenda. Watu wa konsoli tofauti wanapokutana uwanjani, mashine zao hukutanishwa na mtengenezaji wa gemu. Zote zinaingia kwenye seva zake, na kwa kawaida kila mchezaji anatambuliwa kwa akaunti ya mtengenezaji huyo: ya Epic kwa Fortnite, ya Bungie kwa Destiny 2, ya EA kwa mpira. Akaunti ya PlayStation au Xbox inaunganishwa chini yake. Ngazi, rekodi na skini zikihifadhiwa kwenye seva ya mtengenezaji, zinakufuata popote unapoingia. Gemu lenyewe ulilolipia, au nyongeza yake, ni habari nyingine, kwa kuwa leseni iko kwa duka lililokuuzia. Ndiyo maana mchezaji wa Destiny 2, ambaye tangu 2019 anaweza kuhama na mhusika wake kutoka mashine moja hadi nyingine, hulazimika kununua upya nyongeza kubwa za gemu hilo kwenye kila duka.

Kuna vizuizi vya haki, sikatai. FIFA 23 ya mwaka 2022 iliruhusu PS5 kukutana na Xbox Series X na S pamoja na kompyuta, na PS4 kukutana na Xbox One, lakini PS4 na PS5 hazikukutana. Toleo la mashine mpya lilikuwa na mwendo wa wachezaji uliotengenezwa kwa namna nyingine, kwa hiyo mechi moja isingeweza kuendeshwa kwa matoleo mawili. Vibanda vyetu vingi vya gemu bado vina PS4, na mwenye PS5 nyumbani aliyetaka kucheza na mwenzake wa kibandani ilimbidi awashe toleo la PS4 kwenye PS5 yake, kama analo. Usumbufu, ndiyo, lakini sababu yake inaeleweka.

Salio halina sababu ya namna hiyo. Salio ni namba kwenye daftari la seva, na pembeni yake kuna alama ya duka lilikonunuliwa. Ukitumia Silver ya Destiny 2 kununua pambo, pambo linahama nawe. Silver yenyewe haihami. Seva inayoweza kulifikisha pambo kwenye mashine ya pili inashindwaje kuifikisha namba iliyolinunua?

Jibu lilipatikana Mei 2021, Epic na Apple walipokutana mahakamani Oakland, California. Kesi haikuihusu Sony, lakini nyaraka zake ziliingia humo kama ushahidi. Mojawapo, ya Agosti 2019, ilieleza masharti ya kampuni yoyote inayotaka gemu lake lichezwe kati ya PlayStation na mashine nyingine. Sharti moja lilikataza sarafu ya ndani ya gemu kuhamishwa kuingia PlayStation au kutoka. Jingine lilikuwa la hesabu: chukua sehemu ya mapato ya gemu iliyopitia duka la PlayStation, igawanye kwa sehemu ya muda wa kucheza uliofanyika kwenye PlayStation. Jibu likishuka chini ya asilimia 85, mtengenezaji anailipa Sony fidia.

Tuifanye hesabu hiyo. Gemu linachezwa kwenye PlayStation kwa asilimia 80 ya muda wote, lakini asilimia 60 tu ya mapato ndiyo imepita kwenye duka lake, kwa sababu wengine wamenunulia kwenye simu au kompyuta. Sitini gawanya kwa themanini ni asilimia 75. Mtengenezaji anadaiwa. Ili asidaiwe, angalau asilimia 68 ya mapato lazima ipite PlayStation. Tim Sweeney, mkuu wa Epic, alithibitisha kizimbani kwamba wanalipa chini ya utaratibu huo, na kwamba katika wenye majukwaa ni Sony peke yake iliyodai fidia ya aina hiyo.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mtengenezaji mdogo asiye na misuli ya Epic. Kila mchezaji anayenunulia kwingine na kuja kuchezea PlayStation anamsogeza karibu na deni. Atakuwa na hamu gani ya kukurahisishia kununua unapopenda? Atakuruhusu ucheze na binamu yako wa Xbox, maana hilo linajaza seva na kupamba matangazo, na pochi ataiacha ilivyo.

Wanaowatetea wenye majukwaa husema konsoli huuzwa kwa faida ndogo na gharama hurudi dukani. Husema pia kwamba salio linalohama lingefungua mlango kwa wanaowinda nchi zenye bei rahisi, na kwa anayenunua hapa, akatumia kule, kisha akadai kurudishiwa fedha. Sawa. Lakini duka lilishachukua kamisheni yake siku ya mauzo, na mtu akitumia salio lake kwingine halipotezi hata senti ya kamisheni hiyo. Ama wezi wa marejesho, wanashughulikiwa kwa kumkata mwizi salio, si kwa kuwafungia wateja wote.

Na wanaosema kuzifungulia mashine tofauti mlango ni hatari kwa usalama wa wachezaji, jamani! Septemba 2017 Epic waliacha kimakosa mpangilio mmoja wazi, wachezaji wa PS4 na Xbox One wakacheza Fortnite pamoja bila kuambiwa, hadi kosa likafungwa. Hakuna aliyedhurika. Juni 2018 Fortnite ilipofika Nintendo Switch, aliyewahi kuiunganisha akaunti yake na PlayStation alikataliwa kuingia kwa akaunti hiyo. Kelele zilidumu miezi mitatu, kisha tarehe 26 Septemba Sony ikaulegeza mlango, na ufundi ambao eti haukuwezekana ukawezekana.

Kwetu jambo hili linauma zaidi, kwa sababu wengi tunatumia akaunti zilizosajiliwa Marekani au Uingereza na kununua kadi za vocha zenye nchi maalumu. Shilingi inageuka vocha, vocha inageuka salio la duka, salio la duka linageuka sarafu ya gemu, na katika hatua zote hizo hakuna njia ya kurudi. Mzazi anayetumiwa ujumbe wa kununua kadi haonyeshwi popote kwamba sarafu ile itaishia kwenye mashine moja. Maelezo yapo, yamefukiwa kwenye kurasa za msaada, wakati neno la kucheza popote limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye picha ya gemu. Yahamishwe hadi kwenye kitufe cha kununua, kwa Kiswahili kama gemu lina Kiswahili: sarafu hii itatumika kwenye mashine hii tu. Hadi hapo, anayepanga kubadilisha konsoli amalizie salio lake lote kwa vitu vinavyohama kabla hajaiuza.