Bunia: Si adoni inayoiba pesa, ni APK inayouzwa kwa jina lake

BUNIA – Kwenye makartie mengi ya mji huu, toka Nyakasanza mpaka Mudzi-Pela, hukumu imeshatolewa: mtoto akiingiza adoni za Minecraft ndani ya telefoni ya mama yake, virusi vinaingia, na pesa za Airtel Money zinatoka. Kwa hiyo mchezo unafutwa, mtoto anachapwa, na jambo linaisha. Haliishi. Aliyeleta hatari anabaki kwenye meza yake barabarani, kesho anaingizia mtoto mwingine kitu kilekile, na wazazi hawajajua bado ni kitu gani.

Jambo lenyewe linaeleweka kwa urahisi kuliko kelele zake. Adoni ya kweli ya Minecraft ya telefoni si programu. Ni mfuko wa mafaili. Jina lake linaishia kwa .mcpack au .mcaddon, na ndani yake kuna picha ndogo za bloki, sauti, na maandishi yanayoeleza mnyama mpya anatembeaje au upanga unakata kiasi gani. Pakiti ya tekscha ni nyepesi zaidi, kwa sababu kazi yake ni kubadilisha sura tu: udongo unakuwa mwekundu, mbao zinakuwa nyeusi, anga linakuwa la machweo. Adoni nyingine zina pia amri zilizoandikwa kwa JavaScript, lakini amri hizo zinafanya kazi ndani ya uzio wa mchezo. Hazikupewa mlango wa kusoma mesaji za mama wala kugusa hesabu yake ya pesa.

APK ni kitu kingine kabisa. Ni programu nzima, inayoingia ndani ya telefoni na kuomba ruhusa zake yenyewe: kusoma mesaji, kujionyesha juu ya programu nyingine, kutumia huduma ya “Accessibilité” ambayo iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Programu mbaya ikipewa hiyo ya mwisho, inaweza kuona kinachoandikwa kwenye kioo na kubonyeza mahali pa mwenye telefoni. Hapo namba ya siri si siri tena. Katika mji ambapo telefoni moja inabeba pesa za chakula, karo ya shule, na msaada unaotumwa kwa ndugu waliokimbia vita kutoka Djugu, huo si mchezo wa watoto.

Basi kanuni ni moja, na kila mzazi anaweza kuishika bila kusomea kompyuta: pakiti ya tekscha haihitaji kamwe kuruhusu “sources inconnues”. Telefoni ikiuliza ruhusa ya kuingiza programu, kilichopo mkononi si pakiti, hata kama picha yake inaonyesha bloki za Minecraft na jina lake limeandikwa “Mods 2025 Full”.

Wapo watakaosema kwamba huo ni woga wa watu wasiojua teknolojia. Wakumbuke mwaka 2017. Kampuni ya usalama ya Symantec iligundua programu 8 zilizokuwa Google Play penyewe, si kwenye tovuti za vichochoroni. Zilijidai kuleta sura mpya za mchezaji wa Minecraft ya telefoni. Nyuma ya pazia, ziliunganisha telefoni na mashine ya watu wengine na kuitumia kama njia ya kupitishia mawasiliano yao. Kabla Google haijaziondoa, zilikuwa zimeingizwa mara kati ya 600,000 na milioni 2.6. Kama hilo lilipita kwenye duka lenye walinzi, mwenye meza anayerusha APK kwa Xender ana ulinzi gani? Na tazama vizuri: hata pale shida haikuwa pakiti. Ilikuwa programu iliyojivika nguo ya pakiti.

Sasa, namna ya kukagua. Chukua mfano wa kijana aliyetumiwa na rafiki yake faili ya tekscha. Asiibonyeze kwanza. Afungue programu ya mafaili ya telefoni na kuangalia jina lote mpaka mwisho, maana telefoni nyingi zinaficha herufi za mwisho, na “tekscha.mcpack” inaweza kuwa “tekscha.mcpack.apk”. Kisha atengeneze nakala, abadilishe mwisho wa jina la nakala kuwa .zip, na kuifungua. Pakiti ni zip iliyovaa jina lingine, kwa hiyo itafunguka. Ndani anatakiwa kuona manifest.json, pack_icon.png na folda ya textures. Akifungua manifest.json kama maandishi, kwa tekscha atakuta mstari huu:

```
"type": "resources"
```

Kwa adoni inayobadilisha tabia ya wanyama na vitu, atakuta "data", na kama kuna amri za JavaScript atakuta pia "script". Lakini akikuta classes.dex na AndroidManifest.xml, basi asitafute zaidi. APK nayo ni zip kwa ndani, na hayo mawili ndiyo alama zake. Aifute. Ikiwa ndani ya zip kuna faili moja tu yenye mwisho wa .apk, jibu ni lilelile.

Mara nyingine hali ni kinyume: faili ni nzuri lakini mchezo unakataa kuifungua, kwa sababu telefoni iliiongezea mkia wakati wa kuishusha, ikawa “tekscha.mcpack.zip”. Kuondoa .zip kunatosha. Na faili yenye mwisho wa .jar iachwe, hiyo ni ya Minecraft Java ya kompyuta, haitafunguka kwenye telefoni hata mtu akiibembeleza. Video nyingi zinazowachanganya vijana zinaonyesha hiyo.

Ukaguzi ukipita, anaibonyeza, anachagua kuifungua na Minecraft, na kungoja mchezo uandike kwamba imeingia. Tekscha inawashwa kwenye Settings, sehemu ya Global Resources. Adoni ya tabia inawashwa ndani ya dunia moja moja, na hapo lazima atengeneze nakala ya dunia kwanza kwa Copy World, kisha awashe adoni kwenye nakala. Sababu iko wazi. Tekscha ikitolewa, bloki zinarudia sura yao ya zamani na nyumba inabaki nyumba. Adoni ya tabia ikitolewa, bloki zilizotoka kwake zinapoteza sura na wanyama wake wanatoweka. Aliyejenga mji miezi mitatu kwa bloki za adoni moja anaweza kuamka na magofu.

Kuna lawama moja ambayo pakiti za kweli zinastahili, nayo ni uzito. Picha ya bloki ya kawaida ina upande wa nukta 16, yaani nukta 256 kwa jumla. Pakiti ya 64 ina nukta 4,096 kwa picha moja, mara 16 zaidi. Ile ya 128 ni mara 64. Telefoni ndogo yenye memori ya GB 2 ikipewa pakiti ya 128, inapata moto, picha zinagandaganda, halafu mchezo unajifunga wenyewe. Watu wanasema “virusi!” Hapana, ni mzigo. Namna ya kujua ni kuzima pakiti: mchezo ukitulia, ilikuwa mzigo. Lakini matangazo yakiendelea kutokea wakati mchezo umefungwa, uniti zikiisha bila kupiga simu, au programu isiyojulikana ikionekana kwenye orodha, hiyo si tekscha. Itafutwe APK iliyoingia karibuni, inyang'anywe ruhusa ya Accessibilité, ifutwe, kisha namba ya siri ya pesa ibadilishwe kwa kutia kadi ya simu ndani ya telefoni nyingine.

Wenye meza wana utetezi wao, na si wa kudharau. Wanasema Minecraft inauzwa karibu dola 7 na inataka malipo ya mtandaoni ambayo mwanafunzi hana, kwa hiyo wanasaidia watoto kwa kuwapa nakala ya bure. Msaada huo una deni lililofichwa. Nakala iliyovunjwa haina saini ya mtengenezaji, na Android haikubali kuweka toleo la kweli juu ya programu yenye saini tofauti. Siku kijana atakapopata njia ya kuinunua, atalazimika kufuta ile ya zamani, na dunia zake zitafutwa pamoja nayo asipokuwa amezitoa kwanza kwa Export World. Pakiti mpya nazo mara nyingi zinadai toleo jipya la mchezo, kwa hiyo atarudi mezani kutafuta APK nyingine, na nyingine tena. Biashara ni hiyo.

Na sababu ya umaskini haisimami, kwa maana mchezo wa bure kihalali upo. Unaitwa Luanti, mpaka mwaka 2024 uliitwa Minetest. Unapatikana Google Play na F-Droid bila kulipa franka moja. Si Minecraft, na mtoto aliyezoea Minecraft atanung'unika siku za kwanza. Lakini kwenye sehemu yake ya Content anaweza kushusha VoxeLibre, inayofanana sana na Minecraft, pamoja na tekscha na nyongeza nyingi, zote kutoka ghala la mchezo wenyewe. Hakuna tovuti ya matangazo yenye vitufe vitano vya “Download”, hakuna “sources inconnues”. Vikishashuka, vinachezwa bila mega.

Kwa aliye na Minecraft ya kweli, pakiti ziko kwenye CurseForge na MCPEDL, na kinachoshushwa kiwe .mcpack au .mcaddon tu. Mmoja akishusha kwa mega zake, wenzake kumi wanaweza kupokea faili ileile kutoka kwake, kila mmoja akaikagua kwa zip. Hata wenye meza wanaweza kuuza kazi hiyo. Waweke mafaili hayo kwenye kadi ya memori, wayafungue mbele ya mteja, wamwonyeshe manifest.json, na walipwe franka zao. Anayekataa kufungua faili yake mbele ya mzazi aulizwe anaficha nini, kabla mtoto hajachapwa.