Herufi zote zipo, lakini babu kakataa

Mzazi, chukua neno "kitabu" na ubadilishane a na i. Unapata "katibu". Hakuna herufi iliyoongezwa wala iliyobaki. Watoto wengi hulipata hilo haraka. Ugumu huanza pale unapompa mtoto maneno mawili au matatu kwa pamoja, na sharti likawa lilelile: apate usemi mwingine wenye maana kwa kutumia herufi zilezile, zote, kila moja mara ileile.

Jumapili iliyopita tuliucheza mchezo huu nyumbani. Mpwa wangu wa miaka tisa alipewa na babu yake "maji ya moto". Dau lilikuwa vyombo vya chakula cha mchana: akipata jibu, babu anaviosha, akikosa, anaviosha yeye.

Tulikata boksi la sabuni vipande kumi, kila kipande herufi moja. Nakushauri ufanye hivyo. Kwenye karatasi mtoto hurudia herufi bila kujua, lakini kipande kikishatumika, kimetumika.

Alianza na "moyo", akapata na "mtaji". Akashangilia, kisha akaona a moja imebaki mezani. Jibu lenye herufi iliyobaki si jibu. Akavunja, akaanza upya, na baada ya muda akaita, "Shangazi, njoo uone!" Alikuwa amepanga "moja ya mito". Tukahesabu: m mbili, o mbili, a mbili, j, y, i na t. Kumi kamili.

Babu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, akatikisa kichwa. "Mto ni mmoja, mjukuu wangu. Tunasema mmoja wa mito."

"Lakini babu, herufi zote zipo!" Machozi yakaanza kumlenga.

Hapo wazazi wengi tunakosea. Tunasema "umekosa" tu, au tunamkubalia ili asilie. Ukweli ni kwamba mchezo huu una mitihani miwili. Wa kwanza ni hesabu, na huo aliufaulu. Wa pili ni sarufi, na huo aliukosa, ingawa mitaani "moja ya mito" tunaisikia kila siku. Wala hakukuwa na namna ya kuirekebisha, kwa sababu "mmoja wa mito" inataka m tatu pamoja na w, navyo havikuwepo. Nilimweleza hivyo, mtihani mmoja mmoja. Alinyamaza, akaenda kuosha vyombo.

Aliporudi alitaka mwingine. Babu akampa "kaka analima". Safari hii nilimwonyesha pa kuanzia.

Kwanza tuligawa vipande. Irabu zilikuwa sita, a tano na i moja. Konsonanti zilikuwa tano: k mbili, n, l na m. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo hatukuhangaika kupanga neno linaloishia na k au n. Kila konsonanti tuliitafutia irabu ya kuifuata.

Pili, tulianza na kitenzi badala ya kuchanganya vipande ovyo. Kwa l, i na a moja unapata "lia". N na a nyingine zinatoa "na", ile ya wakati uliopo. Mbele yake panahitajika mtendaji. Tukajaribu "ka", kama tunavyosema nyumbani katoto kamelala, kapaka kanakunywa. Tayari tulikuwa na "kanalia".

Mezani zikabaki k, m na a mbili. Mpwa wangu hakuhitaji msaada tena. Akazisukuma mbele: "kama kanalia".

Tukahesabu, kumi na moja kwa kumi na moja. Kisha tukaisoma kwa sauti, maana mtihani wa pili hupimwa kwa sikio. Akaiweka kwenye sentensi: "Kama kanalia, kabebe." Babu akacheka, na vyombo vya usiku akaviosha yeye.

Ukitaka kujaribu na wanao, chagua usemi wenye herufi kati ya nane na kumi na nne. Chini ya hapo nafasi ni ndogo, na juu yake mtoto mdogo huchoka. Anza na huu: "maziwa na samaki". Ni rahisi, kwa sababu "na" haiguswi na kila neno linapanguliwa peke yake. Jibu langu lina watu wenye afya, na kitu ambacho mama yeyote amewahi kukifuta puani kwa mtoto.