Msitutumie ukuta, tunasoma kwenye simu

Ndugu zetu mnaotufundisha, tuongee kidogo. Mafunzo yakiisha hapa Buterere mnasema, "Tutawatumia slaidi kwenye Watsapu." Kisha linakuja faili la mega 24. Mega tunanunua kidogo kidogo, bana. Hapo mtu anachagua: afungue faili lenu ama abaki na mega za kuongea na mama aliyebaki Uvira.

Na hata likifunguka, halisomeki. Slaidi ya kawaida ya PowerPoint ina upana wa sentimita karibu 34, imetengenezwa kwa ajili ya ukuta. Simu ikishikwa wima ina upana wa sentimita 7 hivi. Kila kitu kinapungua karibu mara tano, kwa hiyo herufi ya saizi 18 inakuwa chini ya 4. Mnatuambia tuvute kwa vidole. Sawa, lakini kwenye ile jedwali ya karatasi za kuleta ofisini, ukivuta uone siku, jina la karatasi limeshatoka kwenye kioo. Mtu anaenda na karatasi isiyo yake, siku isiyo yake.

Wengine wanapiga picha slaidi zote 18 na kuzituma kama picha. Watsapu inazibana, herufi ndogo zinakuwa ukungu.

Kazi yenyewe ni ya saa moja au mbili. Fungueni Taille des diapositives, mchague Portrait. Upana unakuwa sentimita 19. Lakini kugeuza tu hakutoshi, maana maneno yatajipunguza ili yaingie. Pandisheni herufi hadi 30. Kwenye simu itabaki kama 11, inasomeka. Maneno hayataenea, basi slaidi moja igawanyike iwe tatu. Jedwali livunjeni: kila karatasi na ukurasa wake, siku na mahali chini yake.

Halafu picha, ndizo zenye uzito. Ukikata picha pembeni, kipande ulichokata kinaweza kubaki kimejificha ndani ya faili, na sisi tunakilipia. Ingieni Compresser les images, mfute sehemu zilizokatwa, mchague 96 ppp. Kwa kioo cha simu inatosha. Picha ya kupamba tu, itoeni. Mwisho hifadhini kama PDF ya Taille minimale, mtume kama dokima, siyo kama picha. PDF haibadilishi herufi wala mpangilio kwenye simu isiyo na PowerPoint.

Na yale ya lazima, siku, mahali na karatasi, yaandikeni pia kama ujumbe wa kawaida. Huo hauli hata mega moja.

Msiseme hamna muda. Saa mnayookoa ninyi, sisi watu arobaini tunailipa kwa mega na kwa safari za bure mjini. Kabla ya kutuma, jitumieni kwanza kwenye simu ndogo. Mkigusa kioo ili mvute, bado hamjamaliza.